"Saa Moja" Ipi? Uandishi wa Kumbukumbu Zenye Saa Katika Kamati ya Dharura: Mfano wa Kukatika kwa Umeme Old Korogwe

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, ambayo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ya Tanzania ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Tukio kama hilo huanza kwa sekunde chache ndani ya mitambo, lakini kwa viongozi wa wilaya huwa ni kazi ya saa nyingi: hospitali ina mafuta kiasi gani, pampu za maji zimesimama wapi, nani ameambiwa nini, na nani aliamua. Maswali hayo hujibiwa na daftari moja tu, yaani kumbukumbu za kamati zinazoandikwa pamoja na saa ya kila jambo wakati jambo lenyewe likiendelea.

Makala haya yanaeleza namna kumbukumbu za aina hiyo zinavyoandikwa, yakijikita katika tatizo moja ambalo miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kulitatua. Tatizo hilo ni saa yenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili huihesabu siku kuanzia mapambazuko, ilhali simu aliyoishika mkononi huihesabu kuanzia usiku wa manane. Kati ya kinywa cha mtoa taarifa na kalamu ya karani kuna tofauti ya saa sita, na tofauti hiyo huweza kupeleka gari la mafuta mahali pasipostahili.

Eneo lililochaguliwa kwa ajili ya mfano ni kata ya Old Korogwe katika Mji wa Korogwe, mkoani Tanga, kando ya Mto Pangani. Chini ya mto huo kutoka Korogwe kuna kituo cha kufua umeme cha Hale, chenye megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964, na baada yake kituo cha New Pangani Falls chenye megawati 68 kilichoanza mwaka 1995. Kwa hiyo wakazi wa Korogwe ni majirani wa mitambo ya umeme, lakini ujirani huo hauwakingi: gridi ikianguka, nyumba iliyo karibu na mtambo huzimika sawa na iliyo mbali. Aidha, maji yanayotumiwa na mji wa Handeni kupitia bomba kuu linalojulikana kwa kifupi cha HTM huvutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe na kusukumwa kwa pampu za umeme. Hivyo giza la Korogwe huwa ni kiu ya Handeni, ingawa kiu hiyo huchelewa kufika. Ucheleweshaji huo utajadiliwa katika sehemu ya sita.

2.0 Tofauti Kati ya Muhtasari wa Kikao na Kumbukumbu Zenye Saa

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, usimamizi wa dharura hufanywa na kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, na ile ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Watendaji wengi wanaoketi katika kamati hizo wamezoea muhtasari wa kawaida wa vikao. Muhtasari huo una orodha ya waliohudhuria, ufunguzi wa kikao, ajenda, yatokanayo na kikao kilichopita, mengineyo, na kufunga kikao. Huandikwa vizuri baada ya kikao, hupitiwa na mwenyekiti, kisha huthibitishwa katika kikao kinachofuata, pengine baada ya miezi mitatu.

Kumbukumbu za dharura hazina nafasi hiyo. Haziandikwi ili zithibitishwe baadaye, bali ili zitumiwe dakika kumi zijazo. Mjumbe anayeingia kwa kuchelewa husoma mistari ya mwisho badala ya kumkatiza mwenyekiti. Zamu ikibadilika, anayepokea husoma daftari na kujua kilichoahidiwa na ambacho bado hakijatimizwa. Ajenda haipo, kwa sababu ajenda inaletwa na simu inayolia. Kilicho cha lazima ni mambo manne katika kila mstari: saa, chanzo cha taarifa, jambo lenyewe, na alama inayoonyesha kama jambo hilo ni tukio, taarifa, uamuzi au utekelezaji.

Alama hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi. Jenereta kuzimika ni tukio. Muuguzi kupiga simu kusema kwamba jenereta imezimika ni taarifa. Mwenyekiti kusema gari liende ni uamuzi. Dereva kuwasha gari ni utekelezaji. Mambo haya manne huwa na saa nne tofauti, na karani anayeandika saa moja tu kwa yote hujikuta ameandika hadithi inayosomeka vizuri lakini isiyosaidia kitu. Msomaji wa hadithi hiyo hawezi kujua kama kuchelewa kulitokea kwenye simu, kwenye meza ya kamati au barabarani.

3.0 Saa Tatu za Dakika Moja

Ichukuliwe dakika moja tu ya usiku ule wa kuamkia 1 Aprili 2024, kwa mfano saa nane na dakika ishirini usiku. Karani akitazama simu yake huona 02:20, tarehe 1 Aprili. Mtu aliye kwenye simu humwambia "saa nane na ishirini". Mitambo ya kompyuta, hasa seva za kampuni za simu na za benki, mara nyingi huandika saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa seva hizo dakika ileile ni 23:20, na tarehe bado ni 31 Machi. Dakika moja imepata namba tatu na tarehe mbili, na kila aliyeiandika yuko sahihi.

Tofauti ya UTC ni rahisi kuitawala, kwa sababu Tanzania haibadilishi saa kwa majira na jawabu ni kujumlisha tatu daima. Tofauti ya saa za Kiswahili ni ngumu zaidi kwa kuwa haimo katika mashine bali katika masikio. Karani anayesikia "saa nane" huku akiandika kwa mtindo wa saa 24 huweza kuandika 08:20 bila kujua. Kosa la aina hii, likihusu jambo lililopita, hujifichua lenyewe: mstari wa 08:20 ulio kati ya 02:31 na 02:40 humshtua hata msomaji mvivu.

Lakini jambo lijalo halina majirani wa kulifichua. Fundi akisema "umeme utarudi saa kumi", na karani akaandika 10:00, hakuna kitu chochote katika daftari kitakachopingana na namba hiyo. Fundi alikusudia saa kumi alfajiri, yaani 04:00. Kamati itakaa saa sita zaidi ikiamini kwamba ahadi bado haijafika wakati wake, na haitapiga simu kuuliza kwa nini haikutimizwa. Kwa sababu hiyo, ahadi na makadirio ndiyo mistari ya kuangaliwa kwa ukali kuliko yote.

Tarehe nayo ina mtego wake. Katika hesabu ya zamani ya watu wa pwani, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Jumatatu" ni usiku unaotangulia mchana wa Jumatatu. Kwa wengi waliosomea maofisini, usiku wa Jumatatu ni ule unaofuata. Wazee wawili wa Old Korogwe na maafisa wawili vijana wanaweza kukubaliana kabisa kuhusu "usiku wa Jumatatu" huku wakiwa wameachana kwa saa 24. Kiswahili kina dawa yake cha chenyewe, nayo ni "usiku wa kuamkia", ambayo haina utata kwa yeyote. Karani atumie maneno hayo kila anapoandika habari ya usiku kwa maneno, na aandike tarehe mpya kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa inapotimu 00:00.

4.0 "Saa Moja": Mfano Uliofanyiwa Kazi

Mfano ufuatao ni wa kubuni. Haueleze lililotokea Korogwe usiku wowote uliopita, na hesabu zake zimewekwa ziwe nyepesi kufuatilia. Kamati ya wilaya imekutana baada ya umeme kukatika, ikiwa na gari moja lenye lita 60 za dizeli. Daftari lake linasomeka hivi:

02:20. Tukio. Umeme umekatika Korogwe mjini na Old Korogwe.

02:34. Taarifa, Meneja wa TANESCO, kwa simu. Si hitilafu ya njia za wilaya, ni gridi. Muda wa kurejea haujulikani. Atapiga tena 03:15.

02:58. Taarifa, mganga wa kituo cha afya, kwa simu. Jenereta ina lita 6, inatumia lita 4 kwa saa. Yuko mama chumba cha upasuaji.

03:05. Uamuzi. Gari lipeleke lita 60 kituo cha afya.

03:12. Taarifa, hospitali, kwa simu. Mafuta ya jenereta yanatosha saa moja.

03:20. Uamuzi. Gari ligeuzwe, liende hospitali kwanza.

03:24. Utekelezaji. Dereva ameambiwa kwa simu, amegeuza.

Kwa msomaji wa haraka, kamati imefanya vyema. Hospitali ni kubwa kuliko kituo cha afya, ina wagonjwa wengi zaidi, na mafuta yake yanakwisha 04:12, kabla ya yale ya kituo. Kwa hakika lita 6 zinazotumika kwa lita 4 kila saa hudumu dakika 90, hivyo kituo kitazimika 04:28. Hospitali iko mbele kwa dakika 16. Uamuzi wa kugeuza gari una mantiki.

Tatizo ni kwamba mtu wa hospitali hakusema hivyo. Alikuwa amepima tangi kwa kijiti saa tisa na dakika tano usiku na kukuta lita 72. Jenereta yake hutumia lita 18 kwa saa. Akagawa, akapata saa nne, akajumlisha, akafika saa moja na dakika tano asubuhi. Kwenye simu yenye mikwaruzo alisema mafuta yanatosha hadi saa moja. Neno "hadi" halikusikika, au lilisikika na halikuandikwa. Muda ukageuka wakati, na wakati ukageuka muda. Hospitali ilikuwa na karibu saa nne. Kituo cha afya, chenye mgonjwa mezani, kilikuwa na dakika 76 tangu simu ile ilipoandikwa hadi mwisho, na gari lilikuwa tayari njiani kwenda huko lilipogeuzwa.

Inafaa kutaja hapa kwamba lugha ya mitaani imejaribu kujitengenezea kinga. Wazungumzaji wengi husema "saa tano" wakimaanisha wakati na "masaa matano" wakimaanisha muda, na kwa muda wa saa moja wapo wasemao "lisaa limoja". Walimu wa sarufi hulihesabu hilo kuwa kosa, kwa kuwa nomino "saa" haibadiliki katika wingi. Sarufi ina haki yake, lakini karani wa dharura angepaswa kuwashukuru wasemaji hao, kwani tofauti wanayoiweka ndiyo hasa iliyokosekana katika mstari wa 03:12. Bahati mbaya kinga hiyo haitegemeki: mtu aliyesoma, hasa anapozungumza na Mkuu wa Wilaya, hujitahidi kusema Kiswahili sanifu, na hapo utata hurudi.

Mstari ulipaswa kuandikwa namna hii:

03:12. Taarifa, hospitali, kwa simu. Kipimo cha 03:05 kwa kijiti: lita 72. Matumizi lita 18 kwa saa. Mwisho wa mafuta kwa hesabu: 07:05, yaani saa 1:05 asubuhi. Imesomwa tena kwa mtoa taarifa, amekubali.

Mstari huu una mambo matatu ambayo ule wa kwanza hauna. Kwanza, una kipimo badala ya hitimisho. Anayesema "yanatosha" tayari amefanya hesabu kichwani, na hesabu hiyo haiwezi kukaguliwa. Anayetoa lita na matumizi humpa kila mjumbe uwezo wa kuhesabu upya. Pili, saa ya kupima imetenganishwa na saa ya kupiga simu. Dakika saba hapa si nyingi, lakini taarifa iliyopitia watu watatu huweza kuwa na umri wa saa nzima inapofika mezani. Tatu, wakati ujao umeandikwa mara mbili, kwa saa 24 na kwa saa za Kiswahili pamoja na kipindi cha siku. Kosa likiwepo katika moja, la pili litalikana.

Kwa upande wa muda, kanuni iliyo bora ni kuuandika na kuutamka kwa dakika. "Dakika sitini" haiwezi kuchukuliwa kuwa wakati wa siku, na "dakika 240" haiwezi kuchanganywa na saa kumi. Mwanzoni wajumbe huiona kanuni hii kuwa ya kuchosha, ila ni nyepesi kuifundisha kwa simu: mwenyekiti akisisitiza mara mbili, watoa taarifa wote huifuata.

Bado hesabu ya 07:05 ni ya matumaini kidogo. Bomba linalovuta mafuta halifiki sakafuni mwa tangi, na jenereta ya dizeli ikiachwa ivute hadi mwisho huingiza hewa katika mfumo wa mafuta. Baada ya hapo hata ikijazwa haiwaki mpaka fundi aitoe hewa hiyo. Iwapo lita 10 za chini zitahesabiwa kuwa hazitumiki, zinabaki 62, ambazo kwa lita 18 kwa saa ni karibu dakika 207 kutoka 03:05, yaani takriban 06:30. Hiyo ndiyo saa inayofaa kuandikwa kama ukomo, huku ikielezwa kwamba matumizi yatapanda asubuhi vyumba zaidi vitakapofunguliwa.

5.0 Saa Ipi Iaminiwe

Mfano uliotangulia umechukulia kwamba saa za watu wote zinakubaliana. Mara chache huwa hivyo. Saa ya ukutani inayotumia umeme wa gridi husimama gridi inaposimama, na umeme ukirudi huendelea kutoka ilipoachia, ikiwa imechelewa kwa urefu wote wa giza. Ile ya betri huendelea, lakini huenda ilikuwa mbele kwa dakika nne tangu mwezi uliopita. Simu za mkononi hupata saa kutoka mtandaoni na kwa kawaida hukaribiana sana. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa daftari lolote la dharura unapaswa kutaja saa iliyochaguliwa na tofauti yake na nyingine zilizomo chumbani, kwa mfano: "Saa ya daftari ni ya simu ya ofisi. Saa ya ukutani iko mbele dakika 4." Mstari mmoja wa aina hiyo huokoa mabishano ya wiki nzima baadaye.

Kuna shahidi mmoja asiyesahau ambaye makarani wengi hawamtumii. Jenereta nyingi zina kihesabu kidogo kinachoonyesha jumla ya saa ambazo injini imefanya kazi. Kikisomwa jenereta inapowashwa na kusomwa tena inapozimwa, tofauti yake ndiyo muda halisi wa kazi, bila kujali saa ya mtu yeyote. Daftari likisema jenereta ilifanya kazi dakika 300 na kihesabu kikaonyesha saa 4 na nusu, zipo dakika 30 za giza ambazo hazikuandikwa.

Kosa likigunduliwa, halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja unaoruhusu maneno ya awali kusomeka, na sahihisho huandikwa chini likiwa na saa yake. Katika mfano wa Old Korogwe, kama karani angepiga tena hospitali 03:40 na kugundua lililosemwa, mstari wa 03:12 ungebaki ulivyo, na wa 03:40 ungesomeka: "Sahihisho la 03:12. Ni hadi saa 1:05 asubuhi, si kwa muda wa saa moja." Sababu ni kwamba uamuzi wa 03:20 ulifanywa kwa kuamini maneno ya 03:12. Yakifutwa, mwenyekiti ataonekana aliligeuza gari bila sababu yoyote.

5.1 Mahali Ambapo Dakika Hazitoshi

Kumbukumbu za kamati zina mpaka, na mpaka huo unafaa kujulikana kabla ya kuzitumia kama ushahidi. Gridi ya Afrika Mashariki huendeshwa kwa mawimbi ya mara 50 kwa sekunde. Uzalishaji ukipungua ghafla, idadi hiyo hushuka, na vifaa vya ulinzi hukata sehemu za mzigo au kuondoa mitambo katika vipande vya sekunde. Katika mwendo huo, swali la nani alianguka kwanza haliwezi kujibiwa na mtu aliyeshika kalamu.

Kenya ilikutana na swali hilo hadharani. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima. Kenya Power ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kupotea kwa uzalishaji wa mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, ambao una uwezo wa megawati 310. Wamiliki wa mtambo walijibu kwamba mtambo ulijiondoa kwa sababu msongo wa umeme katika gridi ulikuwa umepanda kupita kiasi. Maelezo yote mawili yanakubali kwamba mtambo ulitoka. Yanatofautiana kuhusu kipi kilitangulia, na utangulizi huo huweza kuwa wa sehemu ndogo ya sekunde. Daftari linaloandika dakika tu lingeweka matukio yote hayo katika mstari mmoja.

Ugumu huo si wa nchi zetu pekee. Umeme ulipokatika kaskazini mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Kanada, tarehe 14 Agosti 2003, na kuwaathiri watu wapatao milioni 50, wachunguzi walikuta kwamba rekodi nyingi za mitambo hazikuwa na saa zilizolingana. Baadhi ya kompyuta zilikuwa zimelemewa na kuandika saa ya kupokea habari badala ya saa ya kutokea kwake, yaani kosa lilelile la karani anayechanganya taarifa na tukio. Kazi kubwa ya uchunguzi ikawa kuzipanga rekodi hizo upya, na mojawapo ya mapendekezo yao ilikuwa kulazimisha vifaa vya kurekodi vifungwe kwenye saa moja, kama ile inayotolewa na satelaiti za GPS.

Kwa kamati ya wilaya, funzo la kiutendaji ni dogo na la wazi. Karani asijaribu kuandika chanzo cha hitilafu kwa maneno yake. Aandike "Meneja anasema ni gridi", na saa aliyosema. Sababu za kiufundi ziachwe kwa rekodi za mitambo. Kumbukumbu za kamati zibebe kile ambacho mitambo haikirekodi, yaani nani alijua nini, na aliamua nini akiwa na ujuzi huo.

6.0 Giza la Korogwe na Maji ya Handeni

Dharura nyingine hazina haraka ya sekunde. Mvua ikinyesha Usambara, Mto Luengera hujaa na kuingia Pangani karibu na Korogwe; hapo kipimo cha kina cha maji kila nusu saa kinatosha, mradi tu kila kipimo kiwe na mahali na saa yake. Kukatika kwa maji ya Handeni ni dharura ya namna hiyo, lakini ina sifa moja inayolifanya daftari kuwa gumu.

Pampu zilizo upande wa Korogwe husimama umeme unapokatika, tuseme 02:20 kama katika mfano wetu wa kubuni. Mabomba ya Handeni hayakauki dakika hiyo. Matangi bado yana maji, watu wamelala, na bomba hutiririka hadi alfajiri watu wanapoamka kuchota. Mkazi wa kwanza kulalamika anaweza kupiga simu 06:10. Karani asiyejua mfumo ataandika kwamba maji yamekatika 06:10, na kumbukumbu zitaonyesha matatizo mawili yaliyoachana kwa karibu saa nne, kana kwamba hayahusiani. Mstari sahihi ungekuwa na saa tatu:

06:10. Taarifa, mamlaka ya maji. Maji hayatoki maeneo ya juu ya mji wa Handeni. Tukio: pampu zimesimama 02:20. Athari: wateja wameanza kukosa 05:30 hivi, kwa maelezo yao.

Neno "hivi" limeachwa makusudi. Saa inayokisiwa iandikwe kuwa ni ya kukisia, kwa sababu namba kavu kama 05:30 huonekana imepimwa hata kama imetolewa na mtu aliyekuwa bado kitandani.

Upande wa pili wa jambo hilo ni umeme unaporejea. Wajumbe huchoka, simu ya TANESCO ikileta habari njema hufunga madaftari na kwenda nyumbani. Lakini umeme kurudi kwenye pampu si maji kurudi kwenye bomba. Pampu huwashwa kwa utaratibu ili bomba refu lisipasuke kwa kishindo cha maji, bomba hujazwa na hewa yake kutolewa, kisha matangi hujazwa kabla ya shinikizo kufika maeneo ya juu. Hospitali nayo, baada ya kurudi kwenye gridi, huwa na tangi la jenereta lililokaribia kukauka, na gridi iliyoinuka asubuhi inaweza kuanguka tena kabla ya adhuhuri wakati mafundi bado wanairejesha kipande kwa kipande.

Kwa hiyo mistari ya mwisho ya daftari la mfano wa Old Korogwe haikomei kwenye umeme. Husomeka hivi:

09:40. Taarifa, Meneja wa TANESCO, kwa simu. Umeme umerejea Korogwe mjini na Old Korogwe 09:36. Anaonya huenda ukakatika tena.

09:52. Utekelezaji. Jenereta ya hospitali imezimwa 09:45. Kihesabu kimesomwa na kuandikwa. Zimebaki lita 12 baada ya kuongezwa lita 60 saa 06:05.

09:55. Uamuzi. Hospitali na kituo cha afya vijazwe mafuta kabla ya 12:00, yaani saa 6:00 mchana. Mhusika: Afisa Tawala.

10:30. Taarifa, mamlaka ya maji. Pampu ya kwanza imewashwa 10:15. Maeneo ya juu ya Handeni hayajapata maji. Taarifa ijayo 13:00, yaani saa 7:00 mchana.

10:35. Zamu imekabidhiwa. Mambo mawili yako wazi: mafuta, ukomo 12:00, maji ya Handeni, taarifa 13:00. Daftari halijafungwa.